Sabuni yako ikimaliza mwezi bila kuisha, jiulize

Saa saba mchana, kwenye uchochoro unaotokea Mtaa wa Kongo, Kariakoo, wanaume wanne wamesimama mbele ya ndoo ya bluu yenye koki. Wawili ni wabeba mizigo, mmoja anauza mikanda, mwingine amekuja kununua bidhaa za kupeleka mkoani. Wote wana njaa na wote wananawa. Anafungua koki, anapitisha viganja, anakung'uta, anafuta kwenye suruali, anakaa kusubiri wali maharage.

Juu ya mfuniko wa ndoo ile kuna kisahani, na ndani ya kisahani kuna kipande cha sabuni ya mche. Mama anayeniongoza siku hiyo, mhudumu wa afya ya jamii anayejitolea katika mitaa hii, alikiokota akakigeuza mkononi. Kilikuwa kikavu na kimepasuka nyufa kama udongo wa kiangazi.

"Shikamoo mama," mwenye genge la chakula alimsalimia huku akipakua.

"Marahaba mwanangu. Sabuni hii uliiweka lini?"

Yule dada alifikiri kidogo. "Tangu mwezi uliopita. Nanunua kabisa mama, msije mkasema sina sabuni."

"Sisemi huna," mama alimjibu. "Nasema haijatumika. Sabuni inayotumika na watu kama hawa haimalizi wiki."

Msomaji wangu, nilikwenda pale nikidhani nitaandika habari ya watu wasionawa. Nikakuta watu wananawa vizuri tu, ila wananawa kwa maji matupu, na kwa wakati mmoja tu wa siku: kabla ya kula. Hapo ndipo penye tatizo, na nadhani hata nyumbani kwako na kwangu hali ni hiyo hiyo.

Maji peke yake yanafanya nusu ya kazi

Vimelea vinavyoleta kuhara havikai mkononi kama vumbi linavyokaa. Vinashikamana na mafuta ya ngozi, jasho na masalia ya chakula. Maji hayapatani na mafuta, kwa hiyo yanapita juu. Sabuni ndiyo inayoyashika mafuta hayo na kuyaachisha kwenye ngozi ili maji yapate kuyaondoa pamoja na vimelea vyake.

Kuna jaribio moja lililofanyika London na kuchapishwa mwaka 2011 ambalo napenda kulisimulia kwa sababu linaeleweka na kila mtu. Watu waliojitolea walishika vitasa vya milango na vyuma vya kujishikia katika maeneo ya umma, kisha mikono yao ikapimwa. Wasionawa kabisa, bakteria wa aina zinazotoka kwenye kinyesi walikutwa katika asilimia 44 ya vipimo. Walionawa kwa maji tu, asilimia 23. Walionawa kwa maji na sabuni ya kawaida, asilimia 8.

Yaani yule kaka mbeba mizigo hajafanya kazi bure, maji yamemsaidia. Lakini ameishia njiani, na kipande cha sabuni kilikuwa sentimita kumi kutoka kidoleni kwake.

Nikamuuliza kwa nini hakukigusa. Alicheka. "Dada, ukishika sabuni ile inateleza inaanguka chini kwenye tope. Nikiiokota nimechafuka upya. Halafu nyuma yangu watu wanasubiri."

Sikuwa na la kumjibu, kwa sababu ni kweli.

Vidole vitano, nyakati tano

Mama mhudumu wa afya haingii kwenye genge la mtu na mabango. Ana somo moja tu, na analifundishia kwenye mkono wake mwenyewe. Anasema kila mtu amezaliwa na daftari la vidole vitano, kwa hiyo hana sababu ya kusahau.

Vidole vitatu ni vya "kabla". Kidole gumba: kabla ya kuandaa chakula. Cha shahada: kabla ya kula. Cha kati: kabla ya kumlisha mtoto, na kunyonyesha kumo humo.

Vidole viwili vilivyobaki ni vya "baada". Cha pete: baada ya kutoka chooni. Cha mwisho, kidogo kabisa: baada ya kumsafisha mtoto aliyejisaidia.

"Watu wanakijua cha shahada," aliniambia. "Kula, kila mtu ananawa, hata kwa kujionyesha. Muulize habari za kidole kidogo."

Hatukuhitaji kuuliza. Nyuma ya genge, juu ya boksi lililotandikwa khanga, alilala mtoto wa yule dada, wa miezi minane hivi. Katikati ya pilika za mchana mtoto alichafua nepi. Mama yake alimgeuza haraka, akamfuta, akafunga nepi kwenye mfuko wa plastiki, akamimina maji ya kikombe mikononi, akajifuta kwenye khanga aliyojifunga kiunoni. Kisha akachukua chapati mbili kwa vidole akamwekea mteja kwenye sahani.

Hakuwa mchafu, naomba tuelewane. Genge lake lilikuwa limefagiwa, vyombo vimefunikwa, yeye mwenyewe kajifunga kilemba. Alipoulizwa alisema jambo ambalo nimelisikia kwa bibi yangu, kwa shangazi zangu, na hata kwa rafiki zangu niliosoma nao chuo: "Mavi ya mtoto mchanga hayana neno, si anakula maziwa tu?"

Yana neno. Mtoto mdogo ndiye anayeugua kuhara mara nyingi kuliko mtu mzima, kwa hiyo kinyesi chake kinaweza kubeba vimelea hata kuliko cha baba yake. Na kwa kuwa hana harufu kali wala hatuoni kinyaa, tunamshika kwa mikono mitupu na kuendelea na shughuli. Hiki ndicho kidole kinachosahaulika kuliko vyote, na ndicho kilicho karibu zaidi na sufuria.

Kidole cha pete nacho kina shida zake Kariakoo. Wafanyabiashara wengi hapa hutumia vyoo vya kulipia. Vingine nilivyopita vina sabuni ya maji na bomba linalotoka. Vingine vina pipa na kopo la kuchotea, sabuni hakuna. Mtu analipa, anajisaidia, anasuuza vidole, anarudi dukani kupima vitambaa au gengeni kukata kachumbari. Dawa aliyoitoa mama mhudumu ni ndogo: tembea na kipande chako cha sabuni kwenye kimfuko au kikopo chenye mfuniko, kama unavyotembea na simu.

Kwa nini nyakati, na si idadi?

Mtu anaweza kusema, "Mimi nanawa mara kumi kwa siku, nipo salama." Hapa kuna utafiti uliofanyika kwetu, Dar es Salaam, na kuchapishwa mwaka huo huo wa 2011. Watafiti walifuatilia mikono ya akina mama katika shughuli zao za nyumbani. Kunawa kwa sabuni kulipunguza bakteria, lakini mikono ilichafuka tena baada ya shughuli za kawaida kabisa: kwenda chooni, kusafisha kinyesi cha mtoto, kufagia, kuosha vyombo, hata kuandaa chakula.

Maana yake ni kwamba usafi wa mkono haudumu. Kunawa saa mbili asubuhi hakukulindi saa saba mchana. Kinachohesabika ni mkono ulikuwaje dakika ile ulipogusa chakula, mdomo au mtoto. Ndiyo maana nyakati tano zina nguvu kuliko kunawa mara kumi ovyo: mbili za "baada" zinaondoa uchafu pale unapoingia mkononi, tatu za "kabla" zinaufungia mlango usiingie tumboni. Ukisahau moja, nyingine inaweza kukuokoa. Ukisahau zote mbili, kama ilivyotokea kwa nepi na chapati, hakuna kizuizi kilichobaki.

Tulivyolipanga upya genge

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Mama mhudumu hakumwambia yule dada "jitahidi". Alivua viatu, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akaomba vitu vitatu: chupa tupu ya maji ya lita moja na nusu, pakiti ndogo ya sabuni ya unga ya kufulia, na msumari.

Alipasha msumari kwenye jiko la mkaa, akatoboa tundu moja dogo kwenye kizibo cha chupa. Akaweka sabuni ya unga gramu 30, ambazo ni kama vijiko vitatu vya chakula vilivyosawazishwa, akajaza maji, akafunga na kugeuza chupa taratibu mpaka sabuni ikayeyuka. Ukiiminya chupa, maji ya sabuni yanatoka kidogo kiganjani. Hakuna kipande cha kuteleza, hakuna cha kuanguka kwenye tope, na hakuna mtu wa kukiiba, jambo ambalo Kariakoo si la kupuuza.

Kuna faida nyingine ambayo sikuifikiria. Maji ya visima vingi vya Dar es Salaam yana chumvi, na sabuni ya mche haitoi povu la maana kwenye maji hayo. Mtu anasugua, haoni povu, anakata tamaa na kuacha. Sabuni ya unga inavumilia maji ya namna hiyo vizuri zaidi.

Tahadhari zake ni mbili. Usizidishe sabuni ukidhani ndiyo bora, kwani ngozi itakauka na kuwasha, na mtu mwenye mikono inayowasha ataacha kunawa. Pili, iandike chupa kwa kalamu ya wino mzito, "SABUNI, SI YA KUNYWA", na iwe mbali na watoto.

Usihangaike pia kutafuta sabuni zinazotangazwa kuua vijidudu. Katika utafiti uliofanyika kwenye makazi duni ya Karachi, Pakistani, na kuchapishwa mwaka 2005, familia zilizopewa sabuni na kuhimizwa kunawa, watoto wao walipungukiwa kuhara kwa takribani nusu, na watoto wa chini ya miaka mitano walipungukiwa nimonia nao kwa nusu hivi. Sabuni ya kawaida ilifanya kazi sawa na ile ya kuua vijidudu.

Baada ya chupa, ndoo ikahamishwa. Ilikuwa pembeni, upande wa wateja tu. Sasa ikawekwa mahali ambapo mpishi akinyoosha mkono anaifikia bila kutoka jikoni, na mteja akiingia anakutana nayo kabla ya benchi. Chini yake likawekwa beseni la kupokea maji machafu. Beseni hilo ni la kupokea tu. Ule mtindo wa kuweka maji kwenye beseni watu wakachovya mikono mmoja baada ya mwingine, tunaouona hata kwenye misiba na harusi, unamfanya wa mwisho anawe uchafu wa wote waliotangulia.

Jambo la tatu ni kufuta. Kitaulo kimoja cha kila mtu kiliondolewa. Khanga ya kiunoni ikaachwa ifanye kazi yake ya khanga. Mikono ikung'utwe ikauke kwa hewa, na kwa joto la Kariakoo haichukui muda.

La nne lilikuwa pesa. Dada alikuwa anapokea noti na kurudisha chenji kwa mkono ule ule wa chapati. Binti anayemsaidia kuosha vyombo akapewa kibeti cha pesa, na chapati zikapewa koleo. Hilo limepunguza haja ya kunawa kila baada ya mteja, jambo ambalo mpishi mwenye foleni hawezi kulifanya hata ukimwapisha.

Akauliza swali la haki: "Mama, maji nayanunua. Ndoo hii itanitosha?"

Tukapiga hesabu. Mtu mmoja akifungua koki kidogo kulowesha, akaifunga wakati anasugua, akaifungua tena kusuuza, anatumia kama nusu lita. Ndoo ya lita 20 inanawisha watu 40. Kinachomaliza maji ni koki iliyoachwa wazi wakati mtu anasugua na kuzungumza.

Kusugua kwenyewe ni sekunde 20 hivi. Viganja, migongo ya mikono, katikati ya vidole, dole gumba, na ncha za vidole chini ya kucha. Hapo kwenye kucha ndipo tunapopasahau, na sisi tunaokula ugali kwa mkono ndipo panapogusa tonge. Mama mhudumu haanzishi wimbo. Anasema hesabu taratibu moja mpaka ishirini, ukifika kumi hamia kwenye kucha.

Pale ambapo kunawa hakutoshi

Wengi tunaoishi mjini hapa tunakumbuka mwaka 2015. Kipindupindu kililipuka Dar es Salaam mwezi Agosti, kikasambaa mikoani, na kufikia Aprili 2016 nchi ilikuwa imehesabu wagonjwa zaidi ya 20,000 na vifo zaidi ya 300. Ndio mwaka ambao sherehe za Uhuru za tarehe 9 Desemba zilifutwa na Rais John Magufuli, akaagiza siku hiyo itumike kufanya usafi, na yeye mwenyewe akatoka kuzoa taka.

Yule dada wa genge wakati huo alikuwa binti anayemsaidia mama yake kuuza uji. "Tulikaa nyumbani wiki kadhaa bila kuuza," aliniambia. "Hakuna mteja aliyetaka kula barabarani. Mama aliuza redio." Ndiyo maana hakununa alipoambiwa habari ya nepi. Anajua mgonjwa mmoja anaweza kufunga uchochoro mzima.

Kwa kipindupindu, sabuni ni kinga moja tu kati ya kadhaa. Ukiwa na mikono safi na ukanywa maji ya kisima yaliyoingiliwa na choo, utaugua. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa, yahifadhiwe kwenye chombo chenye mfuniko, na yachotwe kwa kata yenye mpini ili vidole visiingie. Choo kiwepo na kitumike.

Vile vitakasa mikono tulivyovizoea tangu korona ya mwaka 2020 vina nafasi yake, kwenye daladala au ukiwa unapokea pesa. Lakini mkono wenye mafuta ya kukaangia, tope au kinyesi hausafishwi na kitakasa. Vinashindwa pia na baadhi ya virusi vya kuhara na mayai ya minyoo. Baada ya choo na nepi, ni maji na sabuni. Ukikosa sabuni kabisa, majivu ya jikoni yaliyopoa yanasaidia kuliko maji matupu.

Na mtoto akishaanza kuhara usisubiri. Mpe maji ya chumvichumvi ya pakiti yenye jina la ORS, endelea kumnyonyesha, na umpeleke kituo cha afya. Macho yakiwa yameingia ndani, akiwa amelegea, hawezi kunywa, au kinyesi kina damu, ni safari ya saa hiyo hiyo.

Nilirudi baada ya wiki

Nilirudi uchochoroni bila kuaga. Chupa ilikuwa imefungwa kwa kamba kwenye mguu wa meza, imebaki robo. Ilikuwa ya tatu tangu tuondoke. Yule kaka mbeba mizigo alikuwepo. Aliminya, akasugua, akaniona, akaanza kuhesabu kwa sauti ili nisikie. Wenzake wakacheka, lakini na wao wakaminya.

Mambo yote hayakuwa sawa. Koleo la chapati lilikuwa limening'inizwa ukutani, na mara mbili nilimwona dada akitumia vidole. Kulikuwa na saa moja ambayo ndoo ilikauka na hakuna aliyejaza, watu wakala hivyo hivyo. Lakini mtoto alipochafua nepi, mama yake alimaliza, akageuka, akaminya chupa kabla ya kushika kitu chochote. Aliniinulia kidole kidogo.

Nilipofika nyumbani jioni nilikwenda moja kwa moja chooni kwetu, nikaangalia sabuni iliyo juu ya sinki. Niliinunua mwanzoni mwa mwezi. Ilikuwa kavu, na chapa yake ilisomeka yote.

Nenda kaangalie ya kwako. Tukutane wiki ijayo.